Zamu ya Siku Tatu

Kiwandani tulikuwa watatu, na kila mmoja alijulikana kwa kipande cha shati alichokishona. Mimi nilikuwa wa mikono. Wa pili alikuwa wa mifuko, mwanamke wa bara kutoka Eldoret, mrefu, asiyeweza kumaliza maneno yake bila kucheka. Wa tatu alikuwa wa kola. Katika shati hakuna kazi ngumu kama kola, naye alilijua hilo na hakutuacha tulisahau. Kwao ni Hola, kando ya Mto Tana. Mdogo wa umbo, mkali wa macho, na hodari wa drafti kuliko wanaume wote wa idara ya kupiga pasi.

Tulipewa nusu saa ya chakula. Dakika kumi tulikula, ishirini tulicheza. Ubao ulikuwa kipande cha boksi tulichokichora kwa chaki ya kukatia nguo, na kete zilikuwa vifungo vilivyokataliwa na wakaguzi, vyeupe kwa vyeusi. Kete iliyofika upande wa pili ikawa kingi tuliibebesha kifungo kingine mgongoni.

Shida ilikuwa choo. Mstari wetu mzima ulikuwa na kadi moja ya kwendea chooni, na kadi ikirudi mezani unainuka papo hapo, hata kama umebakiza kete moja kushinda, kwa sababu ukichelewa itachukuliwa na mwingine. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Anayeinuka husema, "Nishikie," na yule asiyecheza huketi mahali pake na kumchezea mpaka arudi. Mshikiaji hatafuti ushindi. Kazi yake ni kulinda tu, ili mwenyewe akirudi akute pale alipoacha. Waswahili wana msemo, asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulijigamba kwamba kwetu asiyekuwapo lake lipo.

Kisha kazi ikapungua, mstari wetu ukafungwa. Wa mifuko akarudi Eldoret kwa dada yake. Wa kola akarudi Hola kumtunza mama yake, ambaye miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Mimi sikurudi Kaloleni, maana Kaloleni ningerudi kuulizwa mume yuko wapi. Nilibaki Changamwe, katika chumba changu cha Chaani, nikanunua cherehani ya mkono wa pili na kuiweka kwenye baraza ya duka la nafaka. Nikawa napunguza suruali na kutia zipu. Nilikuwa na wateja kutwa nzima na sikuwa na mtu. Nasema hivyo bila haya. Kuna siku nilifunga kazi nikagundua kwamba maneno yote niliyoyatamka yalikuwa ya vipimo.

Wa mifuko ndiye aliyesema tucheze kwa simu. Tulianza na ludo, ile ya kucheza wote kwa wakati mmoja. Tuliweka ahadi, Jumapili saa nane mchana, mimi nikiwa nimetoka kanisani na wote watatu tumenunua bando. Ilikuwa fedheha. Mchezo ule unampa mtu sekunde chache za kurusha dadu, na sekunde hazijui kwamba uko Hola. Wa kola alikuwa akirusha, simu yake inazunguka kiduara, muda unaisha, mashine inamchezea. Ikishamchezea mara kadhaa inamtoa kabisa. Sisi huku tunaona jina lake limefifia, yeye kule anaona sisi tumeganda kama picha ya kitambulisho. Akirudi, kete zake zimeshapelekwa ovyo na mashine.

"Mmenicheza shere," alituandikia siku moja.

"Aki si sisi, ni network," wa mifuko akajibu.

Mimi sikuwa bora sana. Chumbani mwangu bati ni la chini na mtandao hauingii vizuri, na jioni wapangaji wenzangu wa ploti wakirudi wote na simu zao ndiyo hauingii kabisa. Nilizoea kukaa kwenye kizingiti, mguu mmoja ndani mmoja nje. Jumapili ya nne tuligombana kwa kweli. Wa kola alisema tunamtoa makusudi, nami nikamwambia mtu asiye na mtandao asiwasumbue wenye mtandao. Nilikuwa mkali bila sababu. Nilimwonea wivu, nafikiri, kwa sababu yeye alikuwa na mama wa kuchezea mbele yake na mimi nilikuwa na kizingiti.

Wa mifuko alitafuta akapata dawa. Ilikuwa drafti, lakini ya zamu. Ukicheza, mwenzako ana siku tatu za kujibu. Huna haja ya kuwa hewani pamoja naye. Unasogeza kete yako hata kama hakuna mtandao, simu inaitunza ile hatua na kuiwekea alama ya saa ndogo, na mtandao ukipita, hata wa dakika moja, inaondoka. Ubao wenyewe haukai kwenye simu yako wala ya mwenzako. Unakaa kwenye kompyuta ya wenye programu, huko iliko, kwa hiyo simu ikizimika hakuna kinachoharibika. Ukirudi unaukuta kama ulivyo. Na haili bando, kwa sababu kinachosafiri si picha. Ni habari tu, kwamba kete imetoka mraba huu ikaenda ule, jambo ambalo lingetosha kwenye ujumbe mfupi wa kawaida.

Basi tukatulia. Tulifungua michezo mitatu, kila mmoja na kila mwenzake. Asubuhi kabla ya kutia uzi kwenye sindano nilikuwa nafungua simu nione nani amecheza. Wa kola alikuwa akipata mtandao kila akipanda mahali palipoinuka nyuma ya shule, kwa hiyo hatua zake zilikuja moja kwa siku, wakati mwingine moja kwa siku mbili. Zilikuja na ukali wake ule ule. Anakupa kete moja ule, nawe huna hiari, sheria ni kwamba kete ikilika lazima uile, halafu anakula tatu zako kwa mpigo. Nikilisoma pigo kama hilo nilikuwa nacheka peke yangu pale barazani mpaka mwenye duka anatoa kichwa.

Ile desturi ya kadi ya choo tuliihamisha nzima nzima. Siku tatu ni nyingi, lakini Hola mtandao ungeweza kupotea siku nne, na siku ya tatu ikipita programu inakuhesabu umeshindwa, haisikii udhuru. Kwa hiyo tulipeana maneno ya siri. Mtu akikaribia kuishiwa na saa zake, yule wa tatu asiyekuwamo katika mchezo huo anaingia kwa akaunti ya mwenzake na kumshikia zamu. Kama ni mchezo wangu na wa kola, mshikiaji wake ni wa mifuko. Tulijiona werevu sana.

Mvua za masika mwaka ule zilikuwa kubwa. Mto ulifurika, barabara ya kwenda Hola ikakatika, na redio ikasema watu wamehamia sehemu za juu. Nilimpigia wa kola siku ile ile. Mteja hapatikani. Nikapiga jioni, hapatikani. Kesho yake nikapiga nikiwa na mteja mbele yangu ameshika sketi, hapatikani. Nikawa na hofu hasa. Kisha, kabla ya adhuhuri, simu ikapiga kengele yake ndogo. Wa kola amecheza. Alikuwa na kingi tayari, aliipata wiki moja kabla, na sasa alikuwa ameiteremsha kwenye njia ndefu, ule mstari unaotoka pembe hadi pembe.

Nilishusha pumzi. Nikasema, alhamdulillahi, kama nilivyozoea kusikia yeye akisema, ingawa mimi ni Mkristo. Kete inakwenda, basi mtu yupo. Sikumpigia tena.

Hilo ndilo kosa langu, na nimeligeuza pande zote nikitafuta upande ambao si wangu. Sikuupata.

Mchezo uliendelea. Hatua zake sasa zilikuja siku ya tatu, karibu na mwisho wa muda, nami nikaona ni kawaida, mnara umeharibika, anahangaika kupata mtandao. Kingi yake ilikwenda na kurudi kwenye ile njia ndefu, juu chini, juu chini. Mchezaji yeyote wa drafti anajua kwamba kingi iliyoishika njia ile ni vigumu kuikamata. Ni ya kujilinda tu. Ningeweza kumtegea kete moja ili alazimike kuila na kuondoka pale. Sikutaka. Mchezo ukiisha inabidi mmoja wetu aombe mchezo mwingine, na mtu akiombwa anaweza kusema amechoka. Kwa hiyo nikawa nasogeza kete zangu za pembeni polepole, moja baada ya moja, ili siku ziende.

Niliona kwamba hachezi kama yeye. Niliona. Yule aliyekuwa akijirusha kwenye moto sasa alikuwa amekaa kwenye mstari mmoja kama mlinzi wa geti. Nikajiambia amepoa, amepata taabu, ananionea huruma. Nikafurahi, hata. Chini ya ubao kuna mahali padogo pa kuandika, na mara moja nikamwandikia, "Leo umenibana, mama kola." Hakujibu. Nikasema anaweka akiba ya bando.

Masika ikaisha, baridi ya Julai ikaja na kupita. Siku moja mwezi wa nane nilikuwa natia mikanda kwenye sare za shule, wa mifuko akanitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa anacheka kama kawaida yake.

"Sasa wewe, huyu mtu wako wa Hola anarudi lini? Aki nimechoka kumchezea. Kila siku ya tatu mimi na hiyo kingi, juu chini, juu chini. Si ukiongea naye umwambie ajipange."

Niliusikiliza mara mbili. Kisha nikampigia.

"Umemchezea tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mafuriko."

"Zote?"

"Zote, eh. Na mchezo wangu na yeye ulikufa zamani, saa ziliisha, si wewe hukumshikia? Nikajua tu hana simu. Nilidhani nyinyi mnaongea, na ulipoandika umebanwa nikajua unanitania mimi. Nyinyi ndio watu wa coast."

Kicheko kilikuwa kimemwishia. Zamu ya kumshikia katika mchezo wao ilikuwa yangu, nami sikuutazama hata siku moja, kwa sababu nilipoona amenichezea mimi niliamini anacheza kote. Wa mifuko naye hakumtafuta kwa sababu mimi nilikuwa naendelea kucheza kwa utulivu, na mtu hachezi kwa utulivu na mwenzake aliyepotea. Kila mmoja alimtazama mwenziwe akatulia. Miezi minne na ushei.

Nilivua mkanda wa kupimia shingoni nikampigia wa kola. Nilitarajia kuambiwa mteja hapatikani. Simu ikalia, akapokea.

Alinisalimia salamu zote. Hujambo, habari za siku nyingi, habari za nyumbani, habari za Kaloleni, kazi inaendeleaje, afya je. Mtu wa pwani akikukasirikia sana hakutukani, anakukamilishia adabu. Nilijibu moja moja, na kwa kila jibu nilikuwa nazama.

"Na mama?" nikauliza.

"Mama tulimzika mwezi wa tano, dada. Kule kambini tulikohamia, kwenye mwinuko."

Nikasema pole. Nikasema sikujua. Akasema ahsante, Mungu ndiye apangaye.

"Simu ilikwenda na maji," akasema. "Mwezi wa saba nikapata nyingine, nikairudisha laini yangu. Nikasema sasa nitakuta wananiulizia, wametia wasiwasi. Nikaifungua ile drafti. Wallahi, nikakuta nimecheza."

Niliukunja ule mkanda wa kupimia, nikaukunjua tena.

"Nikahesabu. Mara ishirini nimecheza. Siku tuliyokuwa tunamwosha mama, nimecheza. Na wewe umeniandikia nimekubana."

"Nilidhani ni wewe."

"Najua ulidhani. Mlinishikia vizuri, sina lawama. Niliporudi nilikuta kiti changu pale pale. Ila hakuna aliyeuliza nimekwenda wapi."

Mteja alikuja akasimama mbele ya cherehani na suruali mkononi. Nilimwashiria aondoke. Nadhani nilimwashiria vibaya, hajarudi tena mpaka leo.

"Kwa nini hukutuambia, ulipopata simu?" nikauliza. Hata mimi nililisikia swali lilivyokuwa baya.

"Nilingoja nione mtagundua lini," akasema. "Zamu ni ya nani sasa?"

"Ni yako. Tangu asubuhi."

"Basi asinishikie mtu. Mwambie na mwenzio. Nikinyamaza, niacheni nionekane nimenyamaza."

Akaniaga kwa adabu ile ile.

Nilimweleza wa mifuko, akalia, jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Alisema alifanya kwa wema. Nikamwambia najua. Wote tulifanya kwa wema.

Siku tatu zile nilizihesabu. Sitaki kujifanya mtu mzuri, nilikuwa natumaini atacheza. Nilitumaini kwamba atachoka kukasirika, apande nyuma ya shule, aing'oe ile kingi kutoka njia ndefu na kunipiga kete tatu kwa mpigo, na tuendelee bila kulizungumza. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili nikaenda kanisani, nikatoka katikati ya mahubiri kutazama simu. Siku ya tatu zile saa zilizobaki ziligeuka nyekundu. Neno lake la siri nilikuwa nalijua kwa kichwa. Nilikuwa na uwezo wa kuingia, kusogeza kete moja na kujipa siku tatu nyingine, na wala si zamu yangu kumshikia, mimi ni mpinzani wake. Niliwaza hivyo, ndiyo. Niliandika hata herufi za kwanza za neno lile, kisha nikazifuta.

Wa mifuko akaandika, "Imebaki saa moja. Tufanyeje?"

Nikamjibu, "Tuache."

Nikaiweka simu juu ya meza ya cherehani na kuendelea na pindo la sketi ya mtoto wa shule. Mishono ilitoka kombo, baadaye nilifumua yote. Saa tatu na dakika chache simu ikaimba ule wimbo wake mfupi wa furaha, na nyota zikamwagika kwenye kioo. Umeshinda. Mpinzani wako hakucheza. Kisha jina lake likafifia, na ubao ukawa si wa kuguswa.

Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko nilihisi kwamba hayupo. Nilikuwa nimeiahirisha hisia ile miezi yote, siku tatu tatu.

Nikampigia. Alipokea upesi kuliko nilivyotarajia, wala safari hii hakunisalimia.

"Sasa umeona," akasema.

"Nimeona."

"Haya."

"Nieleze habari za mama," nikamwambia. "Tangu maji yalipoingia."

Nikasikia upepo tu, au labda ni simu yenyewe, kisha hata ule upepo sikuusikia. Nikaitazama simu, dakika zilikuwa bado zinahesabu. Sikujua kama ni mtandao au ni yeye. Nikairudisha sikioni, nikangoja.